Kipimo cha Z na Mteja Atakaye Mali kwa Mkopo

Mfanyabiashara anayemwuzia mwenziwe bidhaa kwa mali kauli, alipwe baada ya siku tisini, amemkopesha fedha, ingawa hakuna noti hata moja iliyopita mkononi. Mteja akifilisika kabla ya siku hizo kutimia, bidhaa zimekwenda na fedha hazitarudi. Ndiyo sababu wengi hupenda kupata tarakimu moja itakayowaambia nani aaminiwe na nani akataliwe. Tarakimu iliyo mashuhuri kupita zote ni kipimo cha Z, nami naona kwamba hutumiwa mara nyingi kwa kazi isiyokuwa yake.

Kipimo hiki kilitungwa na Edward Altman, mtaalamu wa fedha wa Chuo Kikuu cha New York, naye alikitangaza mwaka 1968. Alikusanya hesabu za makampuni 66 ya viwanda ya Marekani. Kati ya hayo 33 yalikuwa yamefilisika katika miaka ya 1946 hadi 1965, na 33 yalikuwa mazima. Alianza na uwiano 22 unaopatikana katika vitabu vya hesabu, akabakiza mitano. Kisha akatafuta uzito wa kila mmoja ili, vikijumlishwa, makundi mawili yaachane kadiri iwezekanavyo. Njia hiyo si ya wahasibu. Mwaka 1936 R. A. Fisher aliitumia kutenganisha aina za maua ya airisi kwa kupima urefu na upana wa sehemu za ua.

Kipimo cha mwaka 1968 kinahitaji bei ya hisa sokoni. Kwa hiyo hakimfai mteja ambaye hisa zake haziuzwi katika soko lo lote, na wateja wengi wa mali kauli ndio wa namna hiyo. Kwa ajili yao Altman alitoa kipimo kingine mwaka 1983:

Z' = 0.717X1 + 0.847X2 + 3.107X3 + 0.420X4 + 0.998X5

X1 ni mali za muda mfupi ukiondoa madeni ya muda mfupi. X2 ni faida iliyolimbikizwa tangu kampuni ianze. X3 ni faida ya mwaka kabla ya riba na kodi. X5 ni mauzo ya mwaka. Zote nne hugawanywa kwa mali zote za kampuni. X4 peke yake ni mtaji wa wenyewe, kama ulivyo vitabuni, uliogawanywa kwa madeni yote. Jumla ikiwa chini ya 1.23, kampuni imo hatarini; ikizidi 2.90, ni salama. Katikati yake ni eneo la mashaka.

Sasa tubuni kiwanda cha sabuni kinachotaka kununua mafuta ya mawese kwa mkopo. Mizania yake, kwa mamilioni ya shilingi, inaonyesha mali zote 200, ambazo 120 ni za muda mfupi. Madeni ya muda mfupi ni 110, na ya muda mrefu 40. Mtaji wa wenyewe ni 50, na ndani yake faida iliyolimbikizwa ni 12. Faida ya mwaka kabla ya riba na kodi ni 10, na mauzo ni 340. Mwanafunzi akigawanya atapata X1 = 0.05, X2 = 0.06, X3 = 0.05, X4 = 0.33 na X5 = 1.70. Akizidisha kwa uzito na kujumlisha, Z' ni 2.08. Kiwanda kimo katika eneo la mashaka, lakini kiko mbali na mpaka wa hatari.

Wengi wangeishia hapo. Lakini tazama vipande vilivyoifanya jumla hiyo. Mauzo peke yake yameleta 1.70, na mambo mengine manne kwa pamoja hayakufikisha hata 0.40. Kiwanda hiki kinasimama kwa mguu mmoja. Basi swali la haki ni hili: mauzo hayo yamelipwa?

Tuseme muuzaji wa mafuta anaomba orodha ya wadaiwa wa kiwanda, ikionyesha umri wa kila deni. Anaona kwamba katika mali za muda mfupi yamo madai ya milioni 75, na kati yake 45 zinadaiwa kwa duka moja ambalo halijalipa kitu kwa mwaka mzima. Mhasibu mwaminifu angezifuta. Mali zote zingeshuka hadi 155, faida ya 10 ingegeuka hasara ya 35, faida iliyolimbikizwa ingekuwa upungufu wa 33, na mtaji wa wenyewe ungebaki 5. Mali za muda mfupi zingekuwa 75 dhidi ya madeni 110. Ukipiga hesabu upya, Z' ni 1.16, chini ya mpaka wa hatari. Kiwanda ni kile kile, na siku ni ile ile.

Ajabu ni kwamba X5 imepanda kutoka 1.70 hadi 2.19, kwa sababu mauzo yale yale sasa yamegawanywa kwa mali pungufu. Sehemu moja ya kipimo imekisifu kiwanda kwa kupoteza mali yake! Mwalimu wa hesabu hapana budi awaonyeshe wanafunzi jambo hili ubaoni.

Upo mtego wa pili, nao unawaumiza wateja wema. Katika makampuni ya Altman, mwaka mmoja kabla ya kufilisika, kipimo cha mwaka 1968 kilitambua 31 kati ya 33 yaliyofilisika, na 32 kati ya 33 yaliyokuwa mazima. Hesabu hiyo inapendeza, lakini nusu ya makampuni yale ilikuwa ya wafilisika kwa kuwa yeye ndiye aliyeyachagua hivyo. Wateja wetu hawaji kwa kiasi hicho. Tuchukulie kwamba kati ya wateja 1,000, wataofilisika mwakani ni 20. Kipimo chenye ustadi ule ule kitawanasa 19, lakini kitawatia alama ya hatari pia wazima 30 hivi kati ya 980. Katika 49 waliotiwa alama, walio wengi hawana kosa. Na ustadi wenyewe haukubaki ule ule: mwaka 2000 Altman aliandika kwamba hadi asilimia 15 au 20 ya makampuni yote ya Marekani yalikuwa chini ya 1.81, mpaka wa hatari wa kipimo chake cha kwanza. Kampuni changa nayo huonewa, maana haijapata muda wa kulimbikiza faida, na X2 yake lazima iwe ndogo.

Kwa hiyo napinga desturi ya kumnyima mteja mkopo kwa sababu ya Z peke yake, na ile ya kumwamini kwa sababu hiyo hiyo. Kazi halali ya kipimo ni kuchagua nani aulizwe zaidi. Aliye juu ya 2.90 apewe mali baada ya ukaguzi wa kawaida. Aliye chini yake alete orodha ya wadaiwa, taarifa za benki na hesabu za miaka mitatu, ili ionekane kama Z inapanda au inashuka. Kiwanda chetu cha sabuni kingeweza kuuziwa mapipa machache kwa fedha taslimu, na mkopo ungoje mpaka lile duka lilipe.