Mkamuaji akichelewa, shika daftari kabla ya kushika hasira

Mfugaji mmoja hapa Makuyuni aliniambia, "Bwana shamba, huyu kijana kesho namfukuza. Maziwa yamekataliwa tena." Mkamuaji wake anatakiwa afike saa 11 alfajiri, lakini anafika saa 12 na nusu. Gari la maziwa limeshapita, maziwa yanapelekwa kituoni kwa bodaboda jua limepanda, yakipimwa yanagandana. Na ng'ombe aliyezoea saa yake anakaa na kiwele kimejaa, maziwa yanaanza kuvuja, bakteria wanapata njia na ugonjwa wa kiwele unaingia.

Hasira yake niliielewa, lakini ushahidi hakuwa nao. Nilimwomba aandike kwa wiki mbili: tarehe, saa aliyofika, sababu aliyotoa, kisha wote wawili waweke saini kila siku.

Daftari likaonyesha kuchelewa mara tano. Na zote tano ni asubuhi baada ya usiku ambao kijana alibaki kukatakata majani mpaka saa 3. Hesabu mwenyewe: saa 3 usiku mpaka 11 alfajiri ni saa 8, na humo humo anatembea kwenda na kurudi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Inaruhusu kushuka hadi 8 kwa makubaliano ya maandishi tu, tena kwa masharti, kwa mfano mfanyakazi anaishi hapo hapo kazini. Huyu haishi hapo na hawakuandikiana kitu.

Basi majani yakahamishiwa mchana. Kijana akachelewa mara mbili tu mwezi uliofuata, na safari hii hakuwa na sababu. Hapo onyo ni halali. Mara ya kwanza aliambiwa kwa mdomo, ikaandikwa daftarini. Mara ya pili alipewa barua: tarehe alizochelewa, hasara iliyotokea, kinachotakiwa, na kitakachofuata akirudia. Nakala moja akabaki nayo. Akigoma kusaini, shahidi anasaini kwamba barua imetolewa.

Akiendelea, linakuja onyo la mwisho, kisha kikao. Mpe taarifa mapema, aje na mwenzake, ajieleze kabla hujaamua. Na usimkate mshahara kiholela kwa kuchelewa. Sheria hiyo hiyo inabana makato.

Wapo wanaosema haya ni ya makampuni, mwenye ng'ombe watatu yanamhusu nini? Mimi nasema yanamhusu zaidi. Mfanyakazi akipeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba sababu na utaratibu vilikuwa vya haki. Kampuni ina mwanasheria, wewe una daftari. Na kijana naye, daftari hilo ndilo lililomwokoa asifukuzwe kwa kosa ambalo nusu yake lilikuwa la bosi.