Homa inapopita juma moja na choo kimefunga

Juma hili tunaandika juu ya binti wa mwenzetu mmoja hapa Bukavu, mwenye miaka 14. Mama yake ameturuhusu tusimulie, bila kutaja jina.

Siku ya Jumatatu binti alirudi toka masomo akilalamika kichwa. Jioni termometa ilionyesha 38. Hakutetemeka baridi, hakutoka jasho jingi. Siku ya pili homa ilipanda kidogo, na siku ya tatu ikapanda tena, zaidi kila jioni. Mama alimpeleka kwenye kituo cha afya, wakamtoboa kidole, kipimo cha haraka kikaonyesha malaria. Akameza dawa za siku 3, akamaliza zote. Homa haikushuka. Siku ya tisa ilikuwa 39,6, ulimi mweupe katikati, tumbo linauma na kujaa, na alikuwa na siku 4 bila kwenda choo.

Hapo koko yake akatayarisha pompi ya mpira na maji ya majani, ili amsafishe tumbo kwa nyuma. Sisi wote tumefanyiwa hivyo tukiwa watoto. Kwa bahati walipitia kwanza kwa muganga.

«Mama, mumempa kitu cha kuendesha tumbo?»

«Bado, muganga, lakini koko yake ameisha kutayarisha pompi.»

«Muiache kabisa.»

Sababu yake ni hii. Vijidudu vya tifoidi huingia kwa mdomo, ndani ya maji au chakula vilivyoguswa na kinyesi cha mtu mwenye ugonjwa. Mara nyingi homa huanza baada ya juma moja au mawili. Vijidudu hukaa kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, karibu na mwisho wake. Ukuta huvimba, kisha kwenye juma la pili au la tatu hupata vidonda na kuwa mwembamba. Utumbo wa namna hiyo ukisukumwa kwa pompi au kwa dawa kali ya kuendesha, unaweza kutoboka. Huko Kinshasa, mwishoni mwa mwaka wa 2004, tifoidi ilipoenea, wagonjwa wengi walifika hospitali utumbo ukiwa tayari umetoboka.

Wengine wanafikiri tifoidi lazima iharishe. Watoto wadogo ndiyo, wengi huharisha. Lakini vijana na watu wazima mara nyingi hufunga choo.

Na kile kipimo cha malaria kilidanganya? Si lazima. Binti huyu alikuwa ametibiwa malaria juma 2 mbele. Kipimo cha haraka hutafuta alama ambayo malaria huacha katika damu, na alama hiyo inaweza kubaki majuma kadhaa hata kama mtu amepona. Kwa hiyo safari hii muganga aliomba damu itazamwe kwa mikroskopu. Haikuwa na malaria.

Malaria kwa kawaida huja kwa ghafula, na kutetemeka, kisha jasho, na dawa nzuri huishusha kwa siku 2 au 3. Tifoidi hupanda polepole kama mtu anayepanda ngazi, kisha hubaki juu mchana na usiku. Lakini msitegemee macho peke yake, kwani mtu anaweza kuwa na zote mbili. Mtoto mwenye homa apimwe malaria siku ileile, maana malaria inaweza kumuua haraka kuliko tifoidi.

Kuna kipimo kingine, kile cha Widali, kinachofanya nusu ya mtaa wetu iitwe ina «tifoidi kidogo» kila mwezi. Kinatafuta kinga ya mwili, na kinga hiyo inaweza kutoka kwenye ugonjwa wa zamani au hata kwenye malaria. Kipimo chenye nguvu ni kuotesha damu katika laboratwari, nayo ichukuliwe mbele ya antibiotiki. Basi vidonge 2 vya antibiotiki kutoka famasi vinaweza kuficha ugonjwa bila kuuponya.

Binti alichukuliwa damu, akaanza sindano jioni ileile. Mama aliogopa kwa sababu siku ya pili homa ilikuwa bado juu. Muganga akamwambia hata dawa inayofaa huchukua siku 3 hadi 5. Aliambiwa pia jambo la kuchunga usiku: tumbo likiuma kwa ghafula na kuwa gumu kama ubao, mgonjwa akitapika, au homa ikianguka mara moja huku moyo unapiga mbio na jasho ni baridi, asipewe chakula wala maji, apelekwe saa ileile kwenye hospitali yenye daktari wa kupasua.

Haikufika huko. Siku ya nne ya sindano termometa ilionyesha 37,4, na asubuhi yake binti aliomba uji. Choo kilifunguka chenyewe siku 2 baadaye.