Sebule ya Krismasi bibi akija na kiti cha magurudumu

Krismasi iliyopita, katika nyumba moja ya Isaka, bibi alikula pilau akiwa mlangoni. Alishuka treni kutoka Tabora na kiti chake cha magurudumu, akakuta meza ya kioo katikati ya sebule na mti wa Krismasi umebana njia. Wajukuu walimletea soda pale pale. Picha za familia zilipigwa ndani, yeye hayumo.

Mwaka huu mama mwenye nyumba ameanza na futi ya fundi cherehani. Ina sentimita 150, na hiyo ndiyo nafasi ambayo kiti cha magurudumu kinahitaji ili kigeuke. Kupita moja kwa moja kunataka sentimita 90, kwa sababu kiti chenyewe kina upana wa kama 65 na mikono ya anayekisukuma inatokeza pembeni.

Sebule yake ina upana wa mita tatu na nusu. Makochi ya pande mbili yanakula sentimita 180, zinabaki 170. Meza ya kioo yenye upana wa 60 ikiwekwa katikati, kila upande unabaki na 55 tu. Kiti hakipiti. Meza ikihamia chumbani na stuli zikasogezwa pembeni mwa makochi, 170 zote zinarudi, na bibi anaweza kuingia na kugeuka.

Mti nao umehamia kwenye kona, miguu yake isitokeze njiani. Aliyekaa kwenye kiti hufikia vizuri vitu vilivyo kati ya sentimita 40 na 120 kutoka sakafuni, lakini asilazimike kuinama mbele sana. Kwa hiyo mapambo ya bibi yatasubiri kwenye kikapu juu ya stuli, naye atayatundika upande wa mti unaotazama njia. Nyota ya juu wataweka watoto.

Babu wa jirani anatembelea fremu ya chuma yenye miguu minne. Kwake hatari iko chini: ukingo wa kapeti uliojikunja na waya wa taa za Krismasi unaokatiza sakafu. Kapeti ndogo ikunjwe iwekwe kando, waya upite ukutani. Asitengewe kochi linalozama, bali kiti kigumu chenye mikono, aweze kujiinua.

Maputo na maua ya karatasi kwenye fremu ya mlango hupunguza upana wake, hivyo yapande juu ya mlango.

Usiku wa mkesha, kata fimbo ya sentimita 90. Ishike kwa ulalo usawa wa magoti, utembee kutoka mlangoni hadi mezani, kisha hadi chooni. Inapogonga kitu, hapo ndipo mgeni atakwama. Mlango mwembamba hautapanuka kwa sikukuu moja, basi pima kiti cha mgeni mapema, ujue kama kitapita.