Kiinua Mgongo na Likizo: Madeni Mawili Yasichanganywe



Katika eneo letu la Msasani, kuanzia Peninsula hadi Mikoroshini na Kijijini, wapo watu wengi wanaoishi kwa kazi za majumbani: wapishi, walezi wa watoto, watunza bustani na walinzi. Kazi zao mara nyingi hukoma ghafla. Mwajiri amehamishwa, mkataba wake yeye mwenyewe umekwisha, au familia imeamua kupunguza matumizi. Siku ya mwisho mtumishi hukabidhiwa bahasha yenye mshahara wa mwezi mmoja, na kuambiwa kuwa hiyo ni asante. Baada ya hapo hubisha hodi kwa mwenyekiti wa jumuiya kuuliza kama amepewa haki yake.

Sisi tunaamini kwamba swali hilo lina jibu la hesabu, na kwamba kila kiongozi anaweza kulipata akiwa na kalamu na karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, haikuiacha nyumba ya mtu nje ya mipaka yake. Anayempikia mwenzake kwa mshahara ni mwajiriwa sawa na anayefanya kazi kiwandani. Kinachowapotosha wengi, waajiri na watumishi pia, ni kudhani kwamba malipo ya mwisho ni kitu kimoja. Ndani yake yamo madeni mawili yenye asili tofauti, na kila moja huhesabiwa kwa njia yake.

Deni la kwanza ni kiinua mgongo. Hili hutegemea nani amekatisha kazi na kwa sababu gani. Kifungu cha 42 kinamtaka mwajiri alipe angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia wa utumishi mfululizo, mradi mtumishi amefikisha miezi 12 na ni mwajiri aliyesitisha ajira. Aliyeacha kazi kwa hiari yake halipati. Halipati pia aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, aliyefikia umri wa kustaafu, wala yule ambaye mkataba wake wa muda maalumu umefika tarehe yake ya mwisho. Hali kadhalika aliyepunguzwa kazini, kisha akakataa bila sababu ya maana kazi nyingine aliyopewa.

Deni la pili ni malipo ya likizo ambayo mtumishi hajaichukua. Hili halitegemei nani kakosana na nani. Likizo ni ujira uliokwisha kutolewa jasho siku kwa siku, na hivyo hata aliyefukuzwa kwa kosa la kweli analidai. Mwajiri anayesema, "Huyu aliniibia, simlipi kitu," huenda akawa na haki kuhusu kiinua mgongo, lakini hana haki kuhusu likizo.

Kabla ya kuhesabu deni lolote, ni lazima kujua mshahara wa msingi wa siku moja. Hapa ndipo makosa mengi yanapoanzia. Mshahara wa msingi ni malipo ya kazi ya saa za kawaida. Posho ya nauli, malipo ya saa za ziada na nyongeza ya kazi za usiku haviingizwi humo. Tena mshahara huo usiwe chini ya kima cha chini kilichowekwa na Serikali kwa kazi hiyo. Ukiwa chini, hesabu ianze na kima halali. Kisha, kwa utaratibu wa jedwali lililoambatishwa na sheria, mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 4.333 kupata wa wiki, na wa wiki hugawanywa kwa idadi ya siku ambazo mtumishi hufanya kazi kwa wiki. Kwa anayefanya kazi siku 6, hiyo ni sawa na kugawanya mshahara wa mwezi kwa 26. Wengi hugawanya kwa 30, na kwa kitendo hicho kidogo humpunguzia mtumishi haki yake kwa kila siku inayohesabiwa.

Tuchukue mfano wa mpishi aliyeanza kazi tarehe 1 Aprili 2018 bila mkataba wa muda maalumu. Alifanya kazi siku 6 kwa wiki, kwa mshahara wa msingi wa Sh. 390,000 na posho ya nauli ya Sh. 60,000 kwa mwezi. Mwajiri wake alihama nchi. Alimpa notisi ya maandishi ya siku 28 tarehe 2 Juni 2025, na kazi ikakoma tarehe 30 Juni 2025. Likizo ya mwaka uliokuwa umemalizika Machi 2025 alikuwa bado hajaichukua.

Mshahara wake wa siku ni 390,000 kugawanya kwa 26, yaani Sh. 15,000. Posho ya nauli tumeiacha kando.

Tuanze na kiinua mgongo. Kuanzia Aprili 2018 hadi Machi 2025 ni miaka 7 iliyotimia. Miezi mitatu iliyobaki haikufikisha mwaka, kwa hiyo haihesabiwi hapa. Miaka 7 mara siku 7 ni siku 49, na siku 49 mara 15,000 ni Sh. 735,000. Mwajiri angegawanya mshahara kwa 30, siku moja ingekuwa Sh. 13,000 na kiinua mgongo Sh. 637,000. Mpishi angepoteza Sh. 98,000 bila kujua zimepotelea wapi.

Sasa likizo. Mtumishi anastahili siku 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa miezi 12. Siku hizo 28 ni wiki 4, na kwa anayefanya kazi siku 6 kwa wiki ni siku 24 za malipo. Siku 24 mara 15,000 ni Sh. 360,000. Wapo waajiri wanaolipa hapa mshahara wa mwezi mzima. Hilo si kosa, kwa kuwa sheria imeweka kiwango cha chini na haimzuii mtu kuzidisha.

Imebaki ile miezi mitatu ambayo kiinua mgongo hakikuihesabu. Kwa upande wa likizo haipotei. Kifungu cha 31 kinaagiza kwamba mzunguko usiokamilika ulipwe mshahara wa siku moja kwa kila siku 13 ambazo mtumishi alifanya kazi au alistahili kufanya kazi. Namba 13 haikuokotwa njiani. Mwaka wa wiki 52 zenye siku 6 za kazi una siku 312. Ukizigawanya kwa 13 unapata 24, zile zile siku za malipo za likizo ya mwaka. Aprili hadi Juni 2025, ukiondoa Jumapili, ni siku 78. Siku 78 kugawanya kwa 13 ni siku 6, na thamani yake ni Sh. 90,000.

Kwa hiyo madeni hayo mawili ni Sh. 735,000, Sh. 360,000 na Sh. 90,000, jumla Sh. 1,185,000. Juu yake upo mshahara wa Juni pamoja na nauli, Sh. 450,000. Jumla kuu ni Sh. 1,635,000. Kama mwajiri alimtoa mpishi huyo Lushoto kuja kumfanyia kazi, atamlipia pia safari ya kurudi na mizigo yake, au posho isiyopungua nauli ya basi hadi kituo kilicho karibu na alikotolewa, pamoja na fedha za kujikimu endapo atacheleweshwa kusafirishwa. Kama waliajiriana hapa hapa Msasani, dai hilo halipo. Michango ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ni haki nyingine kabisa. Hailipi kiinua mgongo wala likizo, na kumwambia mtumishi aende akachukue fedha zake huko si kumaliza deni.

Tunawaonya wasomaji wetu juu ya hila mbili. Ya kwanza ni kauli ya, "Nenda likizo, na hiyo ndiyo notisi yako." Sheria inakataza notisi kutolewa wakati wa likizo au kwenda sambamba nayo, kwani kwa njia hiyo mwajiri hulipa madeni mawili kwa fedha moja. Ya pili ni kuahirisha likizo mwaka hata mwaka. Likizo inapaswa kuchukuliwa ndani ya miezi 6 baada ya mzunguko kwisha, au miezi 12 iwapo mtumishi ameridhia na kazi imelazimu. Muda huo ukipita, sheria inamnyima mtumishi malipo ya likizo hiyo siku ya kuagana. Kwa sababu hiyo anayenyimwa likizo aiombe kila mwaka kwa maandishi, na nakala aitunze.

Viongozi wa jumuiya wanaposuluhisha mambo haya wanafanya vema, lakini kalenda haiwasubiri. Dai la malipo hupelekwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipozuka, na dai la kuachishwa isivyo halali ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Vikao vyetu vikirefuka kupita hapo, mtumishi atalazimika kwanza kuomba aruhusiwe kuchelewa, na anaweza kukataliwa. Wala kukosa mkataba wa maandishi kusimtishe. Kuandika masharti ya kazi ni wajibu wa mwajiri, na asiyeyatoa mbele ya sheria ndiye anayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha. Mtumishi asitie saini kwamba amelipwa yote mpaka apewe mchanganuo wa kila fungu, na asiondoke bila cheti cha utumishi.

Hata hivyo, tuna neno juu ya sheria yenyewe. Kiinua mgongo kina ukomo wa miaka 10. Mlezi aliyelea watoto wa nyumba moja kwa miaka 22 hulipwa siku 70 tu, sawa na aliyekaa miaka 10. Kwa mshahara wa mfano wetu hiyo ni Sh. 1,050,000, isiyofika mishahara ya miezi mitatu. Miaka 12 ya ziada haikumwongezea hata shilingi, na pengine ndiyo iliyompotezea nguvu za kutafuta kazi nyingine. Sisi tunaona ukomo huo hauna haki. Wabunge wakiendelea kuuacha, haumfungi mwajiri mikono, kwa maana sheria imesema "angalau". Mwajiri mwenye mtumishi wa miaka mingi anaweza leo kuandika katika mkataba wake kwamba kila mwaka utahesabiwa, na aanze kuweka akiba ya siku hizo 7 kila mwaka unapotimia.