NYWELE MBICHI USIKU: TUNAOGOPA LISILOKUWEPO

Mimi nina neno moja kifuani na leo nalitoa. Nyumbani kwetu Limuru, ukionekana unaenda kulala na nywele mbichi utasikia, "We msichana, unatafuta homa!" Nyanya husema hivyo, mama husema hivyo, hata jirani akipita husema hivyo. Nami naona kwamba wazazi wetu wanatukanya jambo la haki kwa sababu isiyo ya haki, na kosa hilo dogo lilimgharimu binamu yangu nywele zake.

Kwanza niseme habari za homa. Julai iliyopita niliosha nywele Jumapili jioni, nikalala zikiwa chepechepe. Jumatatu asubuhi nikaamka napiga chafya, pua kama bomba lililopasuka. Mama akaniangalia tu, akasema, "Nilikwambia." Sikuwa na jibu.

Lakini nilipokaa nikahesabu siku, nikaona mambo mengine. Mafua huletwa na virusi, hasa vile viitwavyo rinovirusi, na virusi hivyo vikishakuingia huchukua kama siku moja hadi tatu kabla hujaanza kupiga chafya. Basi nirudi nyuma kutoka Jumatatu asubuhi, nafika wapi? Ijumaa. Ijumaa hiyo mwenzangu wa dawati alikuwa akipenga kamasi tangu asubuhi, na tulikuwa tukitumia kalamu moja na rula moja kutwa nzima. Kisha Jumatano ndugu yangu mdogo naye akashikwa na mafua yale yale. Ndugu yangu huyo amenyolewa kipara! Yeye alilala na nywele gani mbichi?

Jambo hili limechunguzwa. Huko Salisbury, Uingereza, kulikuwa na kituo cha kuchunguza mafua kilichofunguliwa mwaka wa 1946. Daktari Christopher Andrewes na wenzake waliwachukua watu waliojitolea, wakawaogesha, kisha wakawasimamisha na maji yao mwilini penye upepo wa baridi karibu nusu saa. Waliopata baridi tupu, bila kutiwa virusi puani, hawakuugua mafua. Baridi peke yake haizai kirusi, kama vile shamba tupu halioti mahindi bila mbegu.

Ila nisiwaonee wazee. Mwaka wa 2005 watafiti wa Cardiff waliwachukua watu 180. Nusu yao walitia miguu kwenye maji baridi kwa dakika 20, nusu wakatia miguu kwenye beseni tupu. Katika siku nne au tano zilizofuata, 13 kati ya wale 90 wa maji walisema wameshikwa na mafua, na wale wa beseni tupu walikuwa 5. Hawakupimwa virusi, kwa hiyo hatuwezi kuapa. Watafiti wenyewe walidhani kwamba baridi hufanya mishipa ya damu puani isinyae, ulinzi ukapungua, na kirusi ambacho tayari kimo ndani kikapata nafasi. Kwa hiyo pengine baridi humfungulia mwizi mlango, lakini mwizi lazima awe ameshafika uani. Na Julai mwizi yuko kila mahali, kwa sababu madirisha ya darasa yamefungwa na matatu imejaa watu wanaokohoa.

Sasa nije kwa binamu yangu, maana hapo ndipo penye uchungu. Likizo ya Agosti alisukwa rasta ndefu, za kubana kabisa. Kila Jumapili saa mbili usiku alikuwa akiziosha, akizikamua kwa taulo, akazifunga zote juu kwa kitambaa cha nailoni, akalala. Nyanya alimkanya: utashikwa na homa. Wiki ya kwanza hakushikwa. Ya pili hakushikwa. Akacheka, akasema, "Cucu, homa yako iko wapi?" Basi akaendelea. Mnaona mtego? Kwa vile aliogopeshwa kitu kimoja, nacho hakikuja, aliamini kwamba hakuna kingine.

Wiki ya tatu kichwa kikaanza kumwasha. Ya nne kikawa na harufu kama nguo zilizosahauliwa kwenye karai, na mba nyeupe za mafuta zikaonekana kati ya mistari. Kichwani mwetu sote huishi aina ya kuvu iitwayo Malasezia, nayo hula mafuta ya ngozi. Kwa kawaida haitusumbui. Lakini ukiifanyia joto, unyevu na giza chini ya nailoni usiku kucha, umeiandalia karamu. Rasta juu huwa zimekauka, kumbe shinani bado kubichi hadi kesho yake.

Alipozifungua, nywele za kwenye paji na juu ya masikio zilitoka na rasta. Maji yakiingia ndani ya unywele huufanya uvimbe, ulegee na uvutike kuliko ukiwa mkavu. Ukiuvuta sana hapo, haurudi kama ulivyokuwa, hukatika. Yeye alikuwa akizivuta zote utosini zikiwa mbichi na nzito, kisha akizisugua juu ya mto saa nane nzima. Nyingine zilikatika katikati, nyingine ziling'oka na mizizi kwa sababu ya kubanwa. Alirudi shule na upara wa kidole kimoja kila upande, akavaa sweta la kofia hata kwenye jua. Aliniambia hakulia kwa sababu ya nywele, alilia kwa sababu ya majina aliyopewa.

Lakini tusitie chumvi. Mapunye, yale madoa ya mviringo yenye magamba na nywele zilizokatikia shinani, hayaletwi na maji. Hayo huambukizwa kwa chanuo, kofia na mashine ya kinyozi isiyosafishwa. Dawa ya kupaka pekee haiyatoshi, kwani kuvu hiyo huingia ndani ya unywele, na mgonjwa hupewa vidonge vya kumeza kwa wiki kadhaa. Ukiyaona, nenda kliniki. Mba za kawaida hupungua kwa shampuu ya ketokonazo, ukiiacha kichwani kama dakika tano kabla ya kusuuza.

Basi tufanyeje? Osha Jumamosi asubuhi, si Jumapili usiku. Bonyeza maji kwa fulana kuukuu ya pamba, usisugue. Nywele zetu za kipilipili zichanuliwe zikiwa na unyevu na mafuta kidogo, kwa chanuo la meno mapana, kuanzia ncha kuelekea shina, kwa sababu zikikauka kabisa chanuo huzikata. Kabla ya kufunga kitambaa, ingiza kidole hadi kwenye ngozi katikati ya rasta. Kikitoka na ubaridi, bado. Na usiku ukikukuta hivyo hivyo, ziache wazi, nailoni weka kando, tandika taulo kavu juu ya mto.

Kwa wazazi wetu nina ombi moja tu. Mtukanye, lakini mtuambie kinachokuja kweli. Nao mafua tuyazuie kwa sabuni ya mikono, si kwa kukagua vichwa. Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Binamu yangu sasa anangoja ukuta wake uote upya, na nywele huota kama sentimita moja tu kwa mwezi.