Picha zilizoungua kwa makusudi: ipi ni utani, ipi imechakaa tu?

Kwenye makundi ya WhatsApp ya Oldeani na Karatu hupita picha za vichekesho zenye rangi kali mno: uso mwekundu kama pilipili, macho yanayotoa mwanga, chenga kila mahali. Simu yako haijaharibika. Vijana wa mtandaoni huziita picha zilizokaangwa, na mtindo huo ulienea duniani kuanzia katikati ya miaka ya 2010. Wanachotania ni zile picha zilizopita mikono mingi hadi zikachoka, kwa hiyo ubaya wa picha ndio kichekesho chenyewe.

Anayekaanga huongeza ukali wa rangi, hunoa kingo, hunyunyiza chenga, kisha huhifadhi picha kwa ubora wa chini kabisa. Picha za aina ya JPEG hugawanywa katika vijisanduku vya nukta 8 kwa 8, na kila ubora unaposhushwa, vitu vidogo vidogo ndani ya vijisanduku hivyo hutupwa.

Uchakavu wa kawaida ni tofauti. Picha ikipigwa skrinishoti, ikakatwa na kupakiwa upya mara nyingi, hufifia, na herufi zake huzungukwa na ukungu. Rangi haziwi kali zaidi. Ukiona wekundu unaowaka, ujue kuna mkono wa mtu. (Kubonyeza kusambaza ndani ya WhatsApp peke yake hakuchakazi picha sana, ingawa wengi hudhani hivyo.)

Shida huanza pale ubovu unapotumika kuficha uongo. Tuseme mkulima wa vitunguu wa Mang'ola anatumiwa picha ya tangazo la bei, yenye ukungu, inayosema gunia ni shilingi 190,000, wakati jana dalali alimwambia 90,000. Akiiamini, atagoma kuuza, na vitunguu vitabaki ghalani vikioza.

Kabla ya kuamua, aikuze picha kwa vidole viwili na kuitazama ile tarakimu 1. Kama tangazo zima limechakaa, tarakimu zote zinapaswa kuwa na ukungu unaofanana. Ikiwa hiyo 1 ni safi, yenye kingo kali, kuliko 90,000 iliyo pembeni yake, imeandikwa baadaye, juu ya picha ambayo tayari ilikuwa imechoka. Aangalie pia karatasi iliyo nyuma yake: doa laini kuliko sehemu nyingine huonyesha mahali palipofutwa.

Kipimo hiki kina mpaka. Mjanja anaweza kubadilisha bei kwanza, kisha akaichakaza picha nzima, na hapo tofauti hupotea. Picha ya namna hiyo haithibitishi chochote, iwe kweli au uongo. Bei iulizwe kwa simu kwa watu wawili walioko sokoni, wasiojuana.

Na aliyeitengeneza asijifiche nyuma ya utani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuchapisha taarifa unayojua ni ya uongo kwa nia ya kudanganya. Uso uliokaangwa haumdanganyi mtu. Bei iliyofifishwa inaweza kumdanganya.