Usisaini picha tu

Wanangu wa Mwakirunge, landilodi akikupa fomu ya hali ya nyumba yenye picha kabla uhamie, usimwone mkora. Mkora ni yule asiyekupa chochote, halafu siku ya kutoka anakukata dipoziti kwa ufa ulioukuta.

Lakini pia usisaini kisa picha ni safi. Picha huonyesha ufa, haionyeshi bomba linalovuja wala soketi iliyokufa. Tuseme nyumba ni elfu sita, dipoziti elfu sita, na fomu yasema "sinki: sawa". Fungulia maji dakika tano, kisha pitisha mkono chini ya sinki. Pamelowa? Andika hapo hapo: "Sinki la jikoni linavuja kwenye kiungo cha bomba." Chomeka chaja kila soketi. Tokeni imeisha? Andika "soketi hazijajaribiwa". Kisha nyote wawili mtie sahihi na tarehe, na nakala moja ubaki nayo.

Akikataa uongeze hata mstari mmoja, basi fomu hiyo yamlinda yeye peke yake. Dipoziti usitoe. Kisichoandikwa leo, siku ya kuhama utaambiwa umekiharibu wewe.